Jinsi ya kujaza fomu ya kitabu cha sauti (taito, msimulizi na maelezo) ili wasikilizaji wakipate kwa mada

Wadau, huu mwongozo ni kwa yule ambaye kitabu kishaandikwa, msimulizi kashapatikana, na sasa anataka kukituma kwenye jukwaa kama ACX, Kobo au Google Play Books, au kwa msambazaji anayepeleka kwenye majukwaa mengi kwa mpigo. Mambo ya maikrofoni na mikataba siyagusi. Nazungumzia ile fomu tu, ambayo watu huwa wanaijaza usiku wa mwisho wakiwa wamechoka, halafu kitabu kinakaa hewani mwaka mzima na hakuna anayekifikia isipokuwa aliyetumiwa linki.

Kwanza kabisa ijue hii: jaza fomu KABLA msimulizi hajarekodi ule ufunguzi. Wengi wanafanya kinyume, wanarekodi kila kitu wakimaliza ndo wanaanza kufikiria taito. Shida ni kwamba taito inakaa sehemu tatu kwa wakati mmoja, kwenye fomu, kwenye kava na kwenye sauti yenyewe, na zote zinatakiwa zifanane. ACX kwa mfano wanataka faili la ufunguzi litaje jina la kitabu, mwandishi na msimulizi, na kava iwe mraba isiyopungua pikseli 2400 kwa 2400. Anayekagua anasoma fomu, anaangalia kava, anasikiliza ufunguzi, akikuta fomu ina jina moja na sauti inataja lingine anakurudishia. Kubadili neno kwenye fomu ni dakika moja, ila kumrudisha msimulizi studio asome sentensi moja kwa sauti ileile na umbali uleule wa maikrofoni ni kazi nyingine kabisa, na mara nyingi inasikika kama imebandikwa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Tuseme kitabu kinaitwa Mzinga wa Kwanza, kinamfundisha mtu ambaye hajawahi kufuga nyuki aanzie wapi.

Taito na taito ndogo

Jina ni zuri, lina mvuto, lakini kwa mtu anayesachi halimwambii kitu. Sachi ya jukwaa haisikilizi sauti yako, inasoma maandishi ya fomu tu, sasa neno "nyuki" halipo hata sehemu moja. Anayeandika "mzinga" anaweza hata kuwa anatafuta mambo ya vita. Wala hulazimiki kuua jina, kazi hiyo iachie taito ndogo, kile kisanduku kinachoandikwa Subtitle. Mimi ningejaza hivi:

```
Title:    Mzinga wa Kwanza
Subtitle: Ufugaji wa Nyuki kwa Anayeanza
```

Maneno yote mawili yanayobeba kitabu yapo, mada (ufugaji wa nyuki) na mlengwa (anayeanza). Basi, ishia hapo. Kuna watu wanageuza taito ndogo kuwa gunia, "Ufugaji wa Nyuki, Asali, Nta, Biashara, Kilimo, Ujasiriamali, Kitabu Bora", hiyo inakataliwa, na hata ikipita inaonekana kama tangazo la nguzoni. Maneno ya kujisifia kama "kinachouzika zaidi" au "bure" usiyaweke, pia usitaje kitabu cha mtu mwingine. Neno "kitabu cha sauti" nalo halina kazi kwenye taito, jukwaa linajua tayari ni sauti.

Kama ni mfululizo, namba ya kitabu ina kisanduku chake cha Series, usiichomeke ndani ya taito. Ukiichomeka, kitabu cha pili na cha kwanza mfumo hauviunganishi, msikilizaji akimaliza cha kwanza hapelekwi cha pili.

Na kama kitabu kilishatoka kwa karatasi au kwa kusoma kwenye simu, taito ya sauti iwe ileile herufi kwa herufi, maana kuna majukwaa yanaunganisha matoleo yote kwenye ukurasa mmoja kwa kulinganisha jina na mwandishi. ISBN ndo haifanani, toleo la sauti linapewa yake kama jukwaa lako linaitumia, usinakili ile ya karatasi.

Msimulizi

Hapa watu wanapachukulia poa sana. Jina la msimulizi kwenye majukwaa mengi ni linki, msikilizaji akipenda sauti anabonyeza jina anaona kila alichosoma. Wapo wasikilizaji wanaofuata sauti kuliko mwandishi. Sasa kama msimulizi wako kwenye vitabu vyake vingine ameandikwa kwa majina mawili, wewe ukaandika matatu, au ukaongeza "Mwl." au "Dkt." mbele, kwa mfumo huyo ni mtu mpya, na kitabu chako kinabaki peke yake kwenye ukurasa usio na mtu. Kabla hujajaza muulize msimulizi mwenyewe, "nikuandikeje?", akutumie linki ya kazi yake mojawapo, unakili kutoka hapo. Halafu jina hilohilo ndo alitaje kwenye ufunguzi.

Kisanduku kimoja jina moja. Wasimulizi wakiwa wawili bonyeza kuongeza, usiandike "fulani na fulani" kwenye kisanduku kimoja maana mfumo utaamini ni mtu mmoja mwenye jina refu. Mwandishi akisoma mwenyewe jina lake liingie mara mbili, kwenye Author na kwenye Narrator. Mtafsiri naye ana nafasi yake, asiingizwe kwenye uandishi.

Kama unatuma kupitia mchapishaji au msambazaji anayetumia ONIX (ule mpangilio wa data ambao wachapishaji na maduka wanapeana taarifa za vitabu), kuna mtego mmoja. Ipo misimbo miwili inayofanana, E03 na E07. E03 inaitwa msimulizi na kila mtu anaikimbilia, kumbe hiyo ni ya msimulizi ambaye ni mhusika ndani ya mchezo ulioigizwa. Mtu anayekusomea kitabu cha kawaida ni E07. Mwandishi ni A01, mtafsiri B06.

Kategoria

Fomu nyingi zinakupa orodha ya kategoria ya jukwaa lenyewe, au za mifumo ya kupanga vitabu kwa mada kama BISAC na Thema, huu wa mwisho ulianza 2013 na unatumika nchi nyingi. Kanuni ni moja kote: shuka chini kadri orodha inavyoruhusu. Kitabu chetu usikiache kwenye "Kilimo" peke yake, humo kitashindana na kila kitu kuanzia mahindi hadi trekta, fungua kilimo, shuka hadi ufugaji wa nyuki, hapo ndo rafu yake. Ile ya kwanza unayochagua ndo huchukuliwa kuwa kuu, kwahiyo ile mahususi zaidi iwe ya kwanza. Ya pili unaweza kuweka biashara ndogo, lakini tu kama kitabu kweli kina sura za kuuza asali na kupiga hesabu, siyo aya mbili za mwishoni. Usichanganye hadithi za kubuni na visivyo vya kubuni kwenye kitabu kimoja. Na ukishachagua tawi la chini usiongeze tena lile la "jumla" la mti huohuo, ni kupoteza nafasi.

Wenye riwaya, kwenu ni hivyohivyo: "Riwaya" haitoshi, ni ya upelelezi, mapenzi, kihistoria? Chagua ile ambayo msikilizaji wake hatakasirika akifika katikati. Riwaya ya upelelezi yenye penzi kidogo ukiiweka mapenzi, utapata nyota mbili kutoka kwa watu waliokuwa wanasubiri harusi.

Usisahau kisanduku cha lugha. Mara nyingi kinakuja kimejazwa Kiingereza tayari, ukipita bila kugusa, mtu anayechuja vitabu vya Kiswahili hatakiona kamwe, hata ufanye yote mengine sawa.

Maelezo

Kwenye simu yanaonekana mistari michache halafu "soma zaidi". Kwahiyo mada ikae sentensi ya kwanza, siyo historia ya mwandishi. Hii ningeiweka kwa Mzinga wa Kwanza:

"Unataka kuanza kufuga nyuki na hujui uanze na mzinga gani? Kitabu hiki kinakupitisha hatua kwa hatua kwenye ufugaji wa nyuki, kuanzia kuchagua eneo, kutundika mzinga na kuvutia kundi, hadi kukagua masega, kurina asali na kuichuja. Ni kwa mfugaji anayeanza na mizinga michache, haihitaji uwe na shamba kubwa. Kimesomwa kamili bila kufupishwa, na kina faili la michoro la kupakua."

Angalia kilichofanyika humo. Kuna "kufuga nyuki" na kuna "ufugaji wa nyuki" na kuna "mfugaji". Nimefanya makusudi, Kiswahili kinabadilisha neno mbele, na sachi ikilinganisha herufi tu haijui kwamba kufuga na ufugaji ni kitu kimoja, sasa umbo lolote mtu atakaloandika lipo tayari. Lakini yapo ndani ya sentensi zinazosomeka, siyo yamemwagwa chini kwa mkupuo. Sentensi ya mwisho ni ya msikilizaji, anataka kujua kama kimefupishwa, na michoro ambayo haiwezi kusomwa kwa sauti iko wapi (faili hilo liwepo kweli, ukiahidi bila kuweka malalamiko ni siku hiyohiyo). Bei, namba ya simu, linki, ofa na "niachie nyota tano" visiwemo, vinakataliwa.

Baada ya kukubaliwa

Subiri siku kadhaa maana maduka hayasasishi kwa wakati mmoja, halafu toka kwenye akaunti yako usachi kama mgeni. Ukiandika taito kikatokea ila ukiandika "kufuga nyuki" hakuna kitu, tatizo liko kwenye taito ndogo, kategoria au maelezo. Ukibonyeza jina la msimulizi ukakuta kitabu kimoja wakati unajua ana kazi nyingine hapohapo, jina limeandikwa tofauti. Kisipoonekana mpaka utoe kichujio cha lugha, rudi kwenye kile kisanduku. Maelezo na kategoria kwa kawaida unarekebisha mwenyewe ndani ya akaunti, ila taito na majina mara nyingi mpaka uandikie huduma kwa wateja, na ukiwaandikia ambatanisha kava na utaje dakika ambayo jina linasikika kwenye ufunguzi, wakiona vyote vinasema kitu kimoja hawana sababu ya kukuzungusha.