Jinsi ya kupima jibu la Putnam kwa hoja ya ubongo ndani ya pipa

Katika semina yangu ya falsafa hapa Dodoma, mwanafunzi mmoja alitoa zabibu mfukoni, akaitafuna mbele yetu, kisha akauliza kama utamu ule nao ulikuwa wa kudanganywa. Darasa zima lilicheka, lakini hoja ya mwenye shaka, yule anayedai kwamba hatuwezi kujua kama vitu tunavyovihisi vipo kweli, haikuguswa hata kidogo, kwa sababu hoja hiyo inakubali tangu mwanzo kwamba ungeuonja utamu uleule hata kama zabibu haipo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiandika hoja yenyewe kwa mistari mitatu kabla ya kuijibu:

1. Kama ninajua kwamba nimeshika zabibu, basi ninaweza kujua kwamba mimi si ubongo ulioelea ndani ya pipa na kulishwa hisia na kompyuta.
2. Siwezi kujua kwamba mimi si ubongo wa namna hiyo.
3. Basi sijui kwamba nimeshika zabibu.

Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha Tafakuri cha mwaka 1641, hakuwa na kompyuta. Alitumia pepo mwovu mwenye nguvu nyingi na hila. Tutamrudia pepo huyo mwishoni, kwa kuwa si sawa kabisa na pipa.

Hatua ya pili ni kutambua mstari unaoshambuliwa. Mwanafalsafa wa Marekani Hilary Putnam, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981, anaushambulia mstari wa pili, na silaha yake ni swali la jinsi neno linavyopata kitu linachokitaja. Chukua mfano huu: maji ya mvua yakitiririka kwenye ukuta wa tope na kuacha michirizi inayosomeka "mbuyu", ukuta haujautaja mti wowote, kwani hakuna kinachoiunganisha michirizi ile na mibuyu. Mimi nikitamka neno hilo ninautaja mti, kwa sababu nimeiona mibuyu, au nimelipokea neno kutoka kwa watu walioiona.

Hatua ya tatu ni kuipeleka kanuni hiyo ndani ya pipa. Putnam anatutaka tufikirie ubongo uliokuwamo pipani tangu mwanzo, usiowahi kukutana na kitu chochote nje ya kompyuta. Neno "pipa" katika lugha ya ubongo huo haliwezi kutaja mapipa halisi; labda linataja kile kilichomo katika kompyuta kinacholeta taswira za mapipa. Ubongo huo ukisema "mimi ni ubongo ndani ya pipa", hausemi kwamba umo katika pipa halisi, na kwa maana ya maneno yake wenyewe sentensi hiyo ni ya uongo. Nami, ikiwa si ubongo huo, sentensi hiyo katika lugha yangu ni ya uongo vilevile. Basi kila ninapoitamka ninakosea, na hilo nimelijua bila kuchungulia nje.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huridhika mapema mno. Muulize Putnam: umejuaje kwamba neno lako "pipa" linataja mapipa, na si vipande vya programu? Atajibu kwamba chochote kinachotajwa na neno langu, mimi hukiita pipa, na hilo hulijua kila mwenye lugha. Jibu ni sahihi, ila kwa maoni yangu ni jembamba: nimehakikishiwa kwamba sentensi yangu "mimi si ubongo ndani ya pipa" ni ya kweli, huku nikibaki na wasiwasi kuhusu kile hasa inachokisema.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kipimo chenyewe, ni kuuliza udanganyifu ulianza lini. Mfikirie mtu aliyekulia Hombolo, akavuna zabibu miaka ishirini, kisha usiku wa jana ubongo wake ukatolewa na kutiwa pipani. Maneno yake yalikwisha kufungwa na vitu halisi. Asubuhi akisema "nimeshika zabibu" amekosea kabisa, na akisema "nimo ndani ya pipa" amesema kweli tupu. Hoja ya Putnam haimgusi mtu huyu, na mwenye shaka anahitaji mtu mmoja tu wa aina hii ili mstari wa pili usimame tena.

Hatua ya mwisho ni kumrudia pepo. Ikiwa amenidanganya tangu nizaliwe, kanuni ya maneno inamhusu kama inavyolihusu pipa: "zabibu" yangu ingetaja kile anachokizusha. Lakini Descartes alimpa nguvu ambayo kompyuta ya pipani haikupewa, kwa kuwa katika Tafakuri ya kwanza anajiuliza hata kama hakosei kila anapojumlisha mbili na tatu. Kompyuta inaharibu ninachokiona na kuniachia akili ya kufuata hatua. Pepo anaweza kunifanya nione kwamba hitimisho la Putnam katika hatua ya tatu hapo juu linafuata, ilhali halifuati.