"Sampuli zilichukuliwa" na nani?

Wanaoandika tasnifu kuhusu mwani wa Bagamoyo, msikimbilie kufuta kila "nili-" kwa kudhani kwamba uandishi wa kitaaluma hautaki nafsi ya kwanza.

Kwenye sayansi asilia, "Sampuli za maji zilichukuliwa Mlingotini wakati wa maji kupwa" inatosha, maana yeyote akichukua kwa njia ileile, maji ni yaleyale. Lakini "Sampuli tatu ziliondolewa" inaficha uamuzi. Andika: "Niliondoa sampuli tatu kwa sababu chupa zilivuja." Hapo msomaji anajua aliyeamua, na kwa nini.

Kwenye anthropolojia kauli ya kutendwa inagharimu zaidi. "Wakulima wa mwani walihojiwa" haisemi kwamba mhojaji ni mpwa wa mnunuzi wao, na mama wa watu hawezi kumlalamikia mpwa kuhusu bei ya mjomba. "Niliwahoji nikiwa mpwa wa mnunuzi" ni sehemu ya data yenyewe.

Mwongozo wa APA, toleo la 7, unaruhusu nafsi ya kwanza: ukiwa peke yako "nili-", si "tuli-". Hisabati husema "tu-" hata mwandishi akiwa mmoja, akimhesabu msomaji. Ila mwongozo wa chuo chako ukikataza, ufuate huo.