Jinsi ya kuandika maswali ya maoni baada ya semina, na jinsi ya kuyatumia majibu semina ijayo

Fomu nyingi za maoni zinazogawiwa mwisho wa semina zinauliza "Semina ilikuwaje?" halafu chini kuna nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya. Watu wetu wana adabu, wamekula chakula chako, wamepewa nauli, watu thelathini wote wanaweka tiki kwenye nzuri sana na wewe unarudi nyumbani hujui ubadilishe nini. Fomu ninazoandaa siku hizi naanza na kitu kimoja tu: kila swali lazima liwe na uamuzi nyuma yake, na ule uamuzi nauandika kabla ya swali.

Tutumie mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Semina ya siku moja ya kuwafundisha waweka hazina wa vikoba kutunza hesabu kwenye eksel, watu 30, mada nne: kuingiza hisa na mikopo, kukokotoa riba, kugawa gawio mwisho wa mwaka, na kuchora grafu. Utairudia miezi mitatu ijayo na kundi jingine. Namba nitakazotaja ni za mfano ila majibu huwa yanakuja hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Andika vitu unavyoweza kubadilisha

Chukua karatasi, andika yale tu yaliyo mikononi mwako. Kwa semina hii ni muda wa kila mada, mada ipi itoke, mwendo wa kufundisha, idadi ya wasaidizi wanaozunguka mezani, na kama wanaoanza kabisa wapewe kipindi chao. Basi. Kama ukumbi umechaguliwa na mfadhili na hautabadilika, usiulize kuhusu ukumbi, maana ukiuliza watu wanategemea utarekebisha na wakirudi wakakuta viti ni vile vile, fomu inayofuata wanajaza ili mradi.

Hatua ya 2: Geuza kila uamuzi kuwa swali

Hapa ndipo pa kutulia. Uamuzi wa kwanza ni mwendo. Wengi wangeandika "Mwezeshaji alifundisha vizuri na kwa mwendo unaofaa?" Hayo ni maswali mawili kwenye sentensi moja, mtu aliyeona anafundisha vizuri ila anakimbia atajibu nini? Halafu ndiyo au hapana inamlazimisha akukosoe waziwazi, na wengi hawatafanya hivyo. Andika hivi:

"Mwendo wa kufundisha kwako ulikuwa: haraka mno / sawa / polepole mno."

Neno "kwako" lina kazi. Mtu hasemi mwezeshaji ni mbaya, anasema yeye ilimwendeaje. Na skeli yenye pande mbili inakuambia uende wapi, wakati alama 3 kati ya 5 haikuambii kama upunguze au uongeze.

Uamuzi wa pili, mada ya kutoa. Ukiuliza "mada ipi haikuwa na faida?" utajibiwa zote zina faida. Badala yake: "Semina ijayo muda ni mfupi, lazima mada moja itoke. Ungetoa ipi?" Orodhesha zile nne na usiweke chaguo la "hakuna", ukiliweka wote wanakimbilia hapo kwa heshima. Asiyetaka ataacha wazi, na hilo nalo ni jibu.

Tatu, swali moja la kuandika. Usiandike "Maoni mengine?" utapata ahsanteni na mbarikiwe. Uliza: "Taja sehemu moja uliyokwama leo, hata kama baadaye ulielewa." Ile "hata kama baadaye ulielewa" inamfungulia mlango mtu anayeona aibu.

Nne, swali la kutenganisha watu: "Kabla ya leo ulikuwa umetumia eksel: sijawahi / kidogo / mara kwa mara." Peke yake halikuambii kitu kikubwa ila bila hilo hayo mengine yote utayasoma vibaya, utaona hapo chini.

Tano: "Kikao kijacho cha kikundi chako, ni kipi utafanya mwenyewe bila kumuuliza mtu?" weka orodha ya kazi nne watie tiki. Hili ni bora kuliko "umeelewa?" kwa sababu mtu anajipima na kazi anayoijua.

Maswali matano yanatosha. Ukifika kumi na mbili watu wanaanza kutia tiki safu moja kutoka juu mpaka chini, na ukiona fomu ya hivyo jua hakusoma.

Hatua ya 3: Jaribu maswali kwa watu wawili watatu

Wape watu wanaofanana na washiriki wako, sio wenzako wa ofisini. Waambie wasome kwa sauti halafu waeleze swali linataka nini. Mtu akisita au akarudia kusoma, neno la hapo ni gumu, badilisha. "Mwezeshaji" kwa mfano kuna sehemu hawalitumii kabisa, wao wanasema mwalimu, basi andika mwalimu.

Hatua ya 4: Toa fomu wakati sahihi

Iweke kwenye ratiba, dakika kumi, kabla ya vyeti na nauli. Ukishagawa bahasha watu wanawaza daladala. Ila wasione kama bahasha inategemea fomu, waambie mapema nauli ni ya kila mtu, ajaze asijaze. Mwalimu atoke nje, msaidizi agawe, karatasi zikunjwe na ziingie kwenye boksi lenye tundu. Usiweke sehemu ya jina wala jina la kikundi, maana kikundi kilicholeta mtu mmoja tu utakuwa umeshamjua.

Linki kwenye grupu la wasapu usiku ni rahisi kwako ila wanaojibu wanapungua sana, na wanaojibu ni wenye bando na waliofurahi au waliokasirika, wa katikati wanapotea. Ukilazimika kutumia Google Forms, weka "Collect email addresses" kwenye "Do not collect", na "Limit to 1 response" nayo iache imezimwa, ikiwashwa mtu lazima aingie kwa akaunti ya Google, na hapo wengi wanaishia njiani.

Hatua ya 5: Hesabu, halafu tenganisha

Tuseme zimerudi fomu 26 kati ya 30. Ingiza kwenye shiti, kila fomu mstari mmoja: safu B uzoefu, C mwendo, D mada ya kutoa, E alipokwama. Mwendo umetoka hivi: haraka mno 9, sawa 14, polepole mno 3. Ukiishia hapa utasema wengi wako sawa, tuendelee. Au utapunguza mwendo kwa wote. Yote mawili ni makosa, subiri kwanza utenganishe kwa uzoefu:

```
=COUNTIFS(B2:B27,"sijawahi",C2:C27,"haraka mno")
```

Inatoka 8. Na waliosema sijawahi wote walikuwa 11. Yaani kati ya wanaoanza kabisa 11, wanane waliachwa nyuma, na wale watatu wa polepole mno wote ni wa mara kwa mara. Kwa hiyo mwendo wenyewe hauna shida, shida ni makundi mawili yamekaa darasa moja. Usifanye wastani, wastani ungewachanganya hawa wawili ukapata "sawa".

Na usiandike asilimia kwenye kundi dogo. "Asilimia 73 ya wanaoanza" inasikika kubwa, kumbe ni watu 8 kati ya 11, na wawili wakibadili mawazo picha inahama. Andika 8 kati ya 11.

Mada ya kutoa: grafu 15, riba 4, gawio 3, hisa na mikopo 1, walioacha wazi 3. Grafu iko wazi. Ila wale watatu wa gawio angalia walipokwama waliandika nini, kwa sababu mtu huwa anapendekeza itolewe ile iliyomshinda. Kama waliandika gawio, hao wanaomba msaada kwenye gawio.

Kwenye swali la kuandika soma zote mara moja bila kufanya kitu, halafu mara ya pili zipange mafungu. Tuseme walioandika ni 19 na 10 wanataja gawio, wengine wanaeleza kabisa: "nikivuta chini zinatoka sifuri". Hiyo ni fomula hii ya shiti walilofanyia mazoezi:

```
=B5*$E$1
```

B5 ni hisa za mwanachama, E1 ni gawio la hisa moja. Ukisahau alama za dola, ukivuta chini E1 inakuwa E2, E3, seli tupu, ndiyo zile sifuri. Jibu moja la namna hii lina thamani kuliko tiki ishirini za nzuri sana.

Kuna majibu hayahesabiwi. Mtu mmoja tu akiandika hakuweza kupanda ngazi za ukumbi au kuna aliyemsumbua, hilo linafanyiwa kazi hata kama 25 hawakulitaja. Na hapa hata ukumbi wa mfadhili unapelekwa kwa mfadhili.

Hatua ya 6: Amua, andika na sababu

Fanya ndani ya wiki moja, ukichelewa unakumbuka yale uliyoyapenda tu. Kwa semina hii ningeandika hivi. Tunabadilisha: grafu inatoka, dakika zake 45 zinaenda kwenye gawio, na kila mtu anavuta fomula mbovu makusudi aone sifuri kisha airekebishe. Tunabadilisha: wanaoanza wanakuja saa mbili asubuhi, wengine saa nne. Tunaacha: mwendo wa darasa kubwa. Tunachunguza: riba, wanne walitaka itoke lakini hatujui kwa nini, semina ijayo tunaongeza swali moja.

Hakikisha kila badiliko linaelekeza kwenye namba au maneno ya fomu. Kama huwezi kuonyesha limetoka wapi, hilo ni wazo lako, litenge upande.

Hatua ya 7: Piga simu baada ya mwezi

Mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, Donald Kirkpatrick, tangu 1959 aligawa tathmini ya mafunzo ngazi nne: watu walivyoyapokea, walichojifunza, wanachofanya kazini, na matokeo. Fomu ya siku ile inagusa mbili za kwanza tu, tena kwa kujisemea. Kwa hiyo chagua watu sita saba kwa kuruka ruka kwenye orodha ya mahudhurio, wapigie, uliza kitu kimoja: "Kikao kilichopita hesabu uliandika wapi?" Usiulize kama anatumia eksel, atasema ndiyo ili akufurahishe. Akikuambia kwenye daftari, muulize kilichomrudisha ni nini, mara nyingi utakuta kompyuta ni ya mtoto wa mwenyekiti na amerudi chuo, na hapo unajua semina ijayo ifundishwe kwenye simu.

Semina ya pili maneno ya maswali yale matano usiyaguse hata kidogo, ongeza lile la riba mwishoni, ili uweze kulinganisha wale 8 kati ya 11 na wanaoanza wa safari hii.