Ukitangaza ukumbi wa mikutano, taja watu na mpangilio wa viti

Wenzangu wa hotelini, tuache kuandika "ukumbi unachukua watu 120" halafu basi. Mwandaaji wa semina atakayeleta washiriki 90 wenye kompyuta mpakato akisoma hivyo anaona nafasi tele. Siku ya semina meza zinaingia, na watu wa nyuma wanabanwa ukutani.

Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 14. Viti vitupu vikitazama mbele, 120 wanaenea. Ukiweka meza mtindo wa darasa, wanashuka hadi 70 hivi. Umbo la U ni 35, maana katikati panabaki wazi. Panga viti kweli, hesabu, acha nafasi ya jukwaa na meza ya projekta, ndipo uandike.

Tangazo lenyewe liwe hivi:

"Ukumbi wa mikutano: viti pekee 120, darasa 70, umbo la U 35. Bei kwa mtu kwa siku, kodi imo: chai ya saa nne na vitafunwa viwili, chakula cha mchana na soda moja, chai ya jioni, maji chupa mbili. Projekta, vipaza sauti viwili na intaneti vimo. Jenereta lipo. Malipo ya chini ni ya watu 20."

Hiyo "soda moja" usiifute. Bili za mwisho hugombaniwa hasa kwenye vinywaji, na mwandaaji anatakiwa kuzieleza kwa mhasibu wake.