Jinsi ya Kuhakiki Jina Lako katika Daftari la Wapiga Kura Zanzibar na Kukijua Kituo Chako

Mwongozo huu unakwenda sambamba na video ya elimu ya mpiga kura, na haumzungumzii mgombea wala chama chochote. Unajibu maswali mawili tu: kama jina lako limo katika daftari, na kama limo, ni katika kituo gani utakapopiga kura. Umeandikwa kwa ajili ya wakaazi wa Unguja na Pemba, kwa sababu utaratibu wa hapa si ule wa Tanzania Bara, na mtu anayefuata maelezo ya huko bila ya kuyapima anaweza kuishia katika afisi isiyokuwa na jina lake.

Hatua ya kwanza ni kujua umeandikishwa na tume ipi. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ambayo wengi tunaiita ZEC, inasimamia uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na Madiwani, na inatunza Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wa Zanzibar. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, yaani INEC, inasimamia uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na Wabunge. Aliyeandikishwa na ZEC hatakiwi kwenda tena kujiandikisha INEC ili amchague Rais wa Muungano na Mbunge, kwa kuwa daftari la ZEC hutumika pia kwa kura hizo mbili. INEC huandikisha hapa Zanzibar wale tu ambao hawana sifa za kuingia katika daftari la ZEC lakini wanayo haki ya kupiga kura za Muungano, kwa mfano mtu aliyetoka Bara na ambaye hajatimiza masharti ya ukaazi. Kwa hiyo, katika uchaguzi mkuu, mpiga kura wa ZEC hupewa karatasi tano za kura, na mpiga kura wa INEC aliyeko Zanzibar hupewa mbili. Anayepewa mbili hajadhulumiwa, ilimradi ameandikishwa katika daftari hilo la pili.

Njia nyepesi ya kujua uko wapi ni kukiangalia kitambulisho chako cha kupigia kura na kusoma jina la tume iliyokitoa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu mfukoni mwa Mzanzibari kunaweza kuwamo vitambulisho vitatu vinavyofanana kwa umbo. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ni cha lazima unapokwenda kujiandikisha kuwa mpiga kura, lakini chenyewe hakikuingizi katika daftari. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA nacho hakikuingizi. Kijana aliyetimiza miaka 18 akapata kitambulisho cha ukaazi na kusimama hapo hajawa mpiga kura. Bado ana safari ya pili, ya kwenda ZEC. Nawaomba masheha na wazee wa mitaa walirudie jambo hili kila wanapokutana na vijana, kwa sababu anayelikosa huligundua siku ya kura, wakati hakuna tena cha kufanya.

Vilevile, kuwa na kitambulisho cha zamani cha kupigia kura si uthibitisho kwamba jina bado limo. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2020, ZEC ilifanya uandikishaji pamoja na uhakiki, na waliokuwamo katika daftari walitakiwa kufika wenyewe kuhakikiwa. Mtu ambaye wakati huo alikuwa safarini, au aliyedhani kadi yake ya awali inatosha, asiitegemee kadi hiyo mpaka ahakiki.

Hatua ya pili ni kuhakiki kwenyewe. ZEC ina afisi katika wilaya zote 11, saba za Unguja na nne za Pemba, na makao yake makuu yako Maisara. Nenda katika afisi ya wilaya ulikoandikishwa, uchukue kitambulisho cha kupigia kura na kile cha ukaazi, na uombe kuangaliziwa taarifa zako. Zipo pia nyakati ambapo Tume huliweka wazi daftari katika maeneo ya shehia ili kila mtu alisome, aombe marekebisho au aweke pingamizi. Nyakati hizo hutangazwa redioni, kwenye mbao za matangazo za shehia na katika tovuti ya Tume, zec.go.tz. Huo ndio wakati bora wa kuhakiki, kwa sababu kosa likionekana hapo bado linarekebishika. Daftari likishakamilishwa kwa ajili ya uchaguzi, afisa atakusomea kilichomo lakini hatoweza kukibadilisha.

Unapofika usiridhike kwa kuambiwa tu kwamba jina lako lipo. Kwetu mtu hutambulikana kwa majina matatu, lake, la baba na la babu, na majina yenyewe yanajirudia mno, hata katika shehia moja ukawakuta kina Ali Juma Ali wawili au watatu ambao hawana udugu wowote. Linganisha namba ya kitambulisho chako na namba iliyomo katika daftari, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha shehia. Angalia na tahajia, kwani Khamis huandikwa Hamisi, na Othman huandikwa Athumani, kwa kutegemea aliyeshika kalamu siku ile. Tofauti ya herufi moja, namba ikiwa ni ileile, kwa kawaida haina uzito wa tofauti ya namba. Hata hivyo omba irekebishwe mapema, kwa sababu inamchelewesha msimamizi anapokutafuta katika orodha huku foleni imesimama nyuma yako.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayowababaisha watu wengi zaidi, ni kituo. Kanuni ni kwamba unapiga kura ulikoandikishwa, si unakoishi leo. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyeandikishwa na ZEC Konde, Wilaya ya Micheweni, kisha akaolewa na kuhamia Tomondo, Wilaya ya Magharibi B. Jina lake halikubadilika, kwa kuwa kwetu mwanamke haachi jina la babake anapoolewa. Baada ya kuhamia alikwenda kwa sheha wa Tomondo, akapata barua, na kitambulisho chake cha ukaazi kikabadilishwa kuonesha anuani mpya. Akaona mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Kilichobadilika ni taarifa zake za ukaazi kwa Wakala, na taarifa zake za mpiga kura zimebakia Konde, kwa sababu hakuna mahali alipoiomba ZEC izihamishe. Siku ya kura akienda skuli iliyo karibu na nyumba yake Tomondo, hatolikuta jina lake katika orodha yoyote mlangoni, na huenda akaamini kwamba limefutwa, kumbe linamsubiri Pemba.

Akihakiki mapema ana njia mbili. Ikiwa uandikishaji na uhamishaji wa taarifa bado uko wazi, atakwenda kwa afisa wa ZEC wa huko alikohamia na vitambulisho vyake vyote viwili, na kuomba kuhamishiwa Tomondo. Ombi hilo hupimwa kwa masharti ya ukaazi yaliyomo katika Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar ya mwaka 2018, kwa hiyo aliyehamia juzi asishangae kukataliwa, na asijaribu kujiandikisha upya kama mtu asiyewahi kuandikishwa. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Ikiwa ombi halikukubaliwa, au muda umeshapita, njia iliyobakia ni kusafiri: aipange boti ya kwenda Pemba siku mbili au tatu kabla, kwa sababu akishuka Mkoani asubuhi ya siku ya kura bado ana safari ya gari ya kisiwa kizima, kutoka kusini hadi kaskazini, kabla ya kufika Konde. Mwenzake aliyehama kutoka mtaa mmoja kwenda mwengine Mjini atatembea kwa miguu tu, lakini kanuni inayomhusu ni ileile.

Ukishajua eneo, ulizia na kituo chenyewe. Skuli moja huwa na vituo kadhaa, kila kimoja na chumba chake, namba yake na orodha yake ya majina. Kupanga foleni ndefu ya chumba namba 2 hali jina lako liko chumba namba 5 ni kupoteza asubuhi yako. Orodha hubandikwa nje ya kituo kabla ya siku ya kupiga kura, kwa hiyo pita jioni moja kabla, tafuta jina lako, na uiandike namba ya kituo kwenye karatasi. Kwa wazee wasioona vizuri, kijana wa nyumbani awafanyie kazi hiyo. Orodha za majina zinazozungushwa katika simu, hata zikitumwa na mtu unayemuamini, zisiwe ndizo unazozitegemea. Inayohesabika ni ile iliyobandikwa na Tume.

Kuna jambo moja kuhusu tarehe. Sheria ya Zanzibar inaruhusu kura ya mapema, inayopigwa kabla ya siku yenyewe, na hiyo ni kwa makundi yaliyotajwa na sheria, kama vile watendaji wa uchaguzi na askari ambao watakuwa kazini. Raia wa kawaida akiona vituo vimefunguliwa siku hiyo asidhani kwamba uchaguzi umempita. Mwaka 2020, kwa mfano, kura ya mapema ilikuwa tarehe 27 Oktoba na ya wote ikawa tarehe 28.

Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekwisha kuwa katika foleni wakati huo wa kufunga huachwa apige kura. Chukua kitambulisho cha kupigia kura. Kikiwa kimepotea au kimechakaa hata hakisomeki, kiombee badala yake katika afisi ya ZEC ya wilaya wiki kadhaa kabla, usingojee asubuhi ile.

Ikitokea umefika na jina halionekani katika orodha ya mlangoni, soma kwanza orodha za vyumba vyote vya skuli hiyo, kisha muoneshe msimamizi wa kituo kitambulisho chako ili aitafute namba yako. Akiikuta katika kituo chengine atakuelekeza. Ikiwa namba haimo popote hapo, msimamizi hana mamlaka ya kukuongeza kwa mkono, na kubishana naye mlangoni hakubadilishi daftari. Piga simu au nenda afisi ya wilaya ya ZEC, uwasomee namba ya kitambulisho, na uulize swali moja: namba hii imesajiliwa shehia gani?