Kabla hujalipa invoisi ya kwanza ya mzabuni mpya

Mzigo ulikuwa umeshashushwa. Marobota 20 ya mifuko ya kufungashia chokaa yamepangwa kwenye stoo ya kiwanda chetu Pongwe, Tanga, mtunza stoo ameshasaini karatasi ya kupokelea, na kijana aliyeuleta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya uhasibu akisubiri hela. Invoisi yake ilisema mifuko 10,000 kwa shilingi 620 kila mmoja, yaani 6,200,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake 1,116,000, jumla 7,316,000. Bosi alinipigia simu mara mbili asubuhi ile kuuliza kama nimelipa.

Nilikuwa sijalipa, kwa sababu kwenye invoisi ile kulikuwa na majina mawili. Kichwani liliandikwa jina la biashara, lenye neno "Entapraizesi" mwishoni. Chini, kwenye sehemu ya benki, akaunti ilikuwa ya mtu binafsi, jina la mwanaume. Huenda kulikuwa na maelezo ya kawaida kabisa, lakini mpaka wakati ule hakuna mtu kwetu aliyekuwa ameyauliza. Tulimpata mzabuni yule kwa kuelekezwa na dereva, tukapewa bei nzuri, tukatoa oda. Tuliacha mzigo utangulie ukaguzi, badala ya kumkagua mzabuni kabla ya oda, na nitarudi kwenye kosa hilo.

Katika mzabuni mpya natafuta jina moja lipite sehemu nne bila kubadilika: kwenye usajili wa BRELA, wakala anayesajili kampuni na majina ya biashara, kwenye TIN, kwenye risiti ya mashine ya EFD na kwenye akaunti ya benki. Majina yakitofautiana, sababu ya tofauti lazima ipatikane kwa mtu mwingine zaidi ya huyo aliyeleta karatasi. Nakala ya cheti aliyokutumia yeye mwenyewe kwa simu inakuonyesha tu kwamba anayo picha ya cheti. Ukweli wa cheti uko kwa aliyekitoa.

Anza na BRELA. Kwenye mfumo wao wa mtandaoni, `ors.brela.go.tz`, unaweza kutafuta jina ukaona kama limesajiliwa na namba yake ni ipi. Ukitaka kujua wamiliki, unaomba taarifa rasmi na kuilipia. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kampuni ni mtu kisheria, ina akaunti yake na madeni yake, hivyo hela ya kampuni iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, basi. Jina la biashara ni tofauti: nyuma yake yupo mtu au watu waliolisajili, na ni wao wanaodai na kudaiwa. Kwa hiyo akaunti ya mtu binafsi chini ya jina la biashara si kosa peke yake. Ni sawa kama mtu huyo ndiye aliyeandikwa BRELA kuwa mmiliki. Kwa mzabuni wetu wa mifuko, taarifa ilionyesha mmiliki mmoja, na alikuwa mwanamke. Akaunti ilikuwa ya mwanaume.

TIN na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, ndizo zilizofuata. Mtu asiye na VRN hajasajiliwa kwenye VAT na hana ruhusa ya kukutoza ile asilimia 18. Ukimlipa, 1,116,000 ile hutaweza kuidai kama kodi ya manunuzi unapopeleka ritani yako TRA. Imekuwa gharama yako. Na hata aliyesajiliwa, utakachodai nacho ni risiti ya EFD yenye TIN na VRN yako wewe mnunuzi. Invoisi iliyochapwa kwenye kompyuta haitoshi, hata iwe na mihuri mitatu.

Kijana wa kwenye benchi aliniambia, "Lipa kwanza kaka, risiti nitakuletea kesho." Maneno hayo yamezoeleka mno Tanga, na nadhani sehemu kubwa ya kiburi hicho tumeijenga sisi wahasibu kwa kuyakubali. Kwa aliyesajiliwa VAT, kodi inaanza kudaiwa kwa lile linalotangulia kati ya kutoa invoisi, kupokea malipo na kukabidhi mzigo. Mzigo wenyewe umeshakabidhiwa. Risiti haina cha kusubiri. Alipoileta mchana nilifungua `verify.tra.go.tz`, nikaingiza namba ya uhakiki iliyochapwa chini ya risiti na saa ya risiti, na kilichotokea kwenye skrini nikakilinganisha na karatasi: jina la mwenye mashine, TIN, VRN, kiasi. Usiishie kuona kwamba risiti ipo kwenye mfumo. Soma ni ya nani. Wapo wanaoazima mashine ya jirani, na risiti ikatoka halali kabisa ila ya mfanyabiashara ambaye hujanunua kwake hata sindano. Ya kwetu ilikuwa na jina la yule mama, TIN ilikuwa yake, kiasi kilikuwa sahihi. Kwa hiyo sehemu tatu zilikubaliana, na iliyobaki peke yake ilikuwa akaunti.

Leseni ya biashara sikuisumbukia sana. Za kundi B hutolewa na halmashauri, na kwa duka la mjini kwetu ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Soma aina ya biashara na mahali palipoandikwa, kisha nenda mahali hapo. Kwenda ndiko kunakoleta faida.

Nilikwenda. Duka liko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, na kibao chake kina namba ya simu ambayo haikuwa kwenye invoisi. Ndani nilimkuta mama wa makamo akipima kamba.

"Shikamoo mama. Natoka kiwandani Pongwe, kwa habari ya ile mifuko ya chokaa."

"Marahaba mwanangu. Mmeshalipa? Maana mwenye mzigo ananidai na mimi."

Nilimwonyesha invoisi. Aliisoma polepole mpaka chini, akavua miwani, akaniuliza, "Na hii akaunti ni ya nani?" Kijana alikuwa mpwa wake, alimtuma kutafuta wateja, na invoisi alikuwa akizichapa yeye. Mama alinipa akaunti yake kwa mkono wake, na nikamwomba barua kutoka benki yake inayothibitisha jina na namba. Yaliyobaki kati yake na mpwa wake sikukaa kuyasikiliza.

Kama ningelipa asubuhi ile, kiwanda kingekuwa kimetoa 7,316,000 na bado kinadaiwa 7,316,000, kwa sababu tuliyenunua kwake hajapokea kitu. Fedha ikishapita kwenye TISS, mfumo wa Benki Kuu, malipo hayo ni ya mwisho. Aliyetuma hawezi kuyafuta. Benki yako itaandikia benki ya pili kuomba, na jibu litategemea kama hela bado ipo na kama aliyeipokea anakubali kuirudisha.

Ndiyo maana uhakiki wa akaunti una utaratibu wake kwetu sasa, na huo ndio naushikilia kuliko yote. Barua ya benki inakuja kwanza. Kisha mtu wa pili ofisini, asiyekuwa yule aliyeandaa malipo, anampigia mwenye biashara kwa namba iliyopatikana nje ya invoisi na nje ya barua pepe: ya kwenye kibao cha duka, au uliyoichukua mwenyewe ulipokwenda. Anamwomba mwenye biashara aitaje namba ya akaunti. Usimsomee wewe akaitikia "ndiyo, ndiyo". Baada ya hapo tunatuma kiasi kidogo chenye tarakimu za ajabu, kwa mfano 11,350, bila kumwambia ni kiasi gani, na tunampigia tena atutajie kilichoingia. Akitaja 11,350, kilichobaki kinatumwa. Mama wa Ngamiani aliitaja kabla sijamaliza salamu.

Utaratibu huo huo unarudiwa tangu mwanzo akaunti ikibadilika, hata kama ilishahakikiwa juzi. Barua pepe ya "tumebadilisha benki, tafadhali tumieni akaunti hii mpya" huja kati ya oda na malipo ya kwanza, wakati ambapo humjui mzabuni kiasi cha kushangaa. Mara nyingi anwani iliyotuma imetofautiana kwa herufi moja tu, n moja imeongezwa au nukta imehamishwa. Nyingine hutoka kwenye anwani yenyewe halisi kwa sababu mwizi ameshaingia kwenye barua pepe ya mzabuni, na hapo kuchunguza anwani hakukusaidii chochote. Kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo kunasaidia katika hali zote mbili.

Bado kulikuwa na mzigo wenyewe. Mtunza stoo alisaini kupokea mifuko 10,000 kwa kuhesabu marobota 20 na kuzidisha kwa 500 iliyoandikwa ubavuni. Nilimwomba tufungue robota moja. Lilikuwa na mifuko 480. La pili 480. Tukayahesabu yote mpaka jioni, na kila moja lilikuwa hivyo: mifuko 9,600. Kwa 620 ni 5,952,000, VAT 1,071,360, jumla 7,023,360. Tofauti ilikuwa 292,640. Mama alipopigiwa alisema ndivyo alivyopokea na yeye kutoka kwa aliyemuuzia, hakuwahi kufungua. Invoisi ikaandikwa upya na risiti ikarekebishwa kabla ya malipo. Kulinganisha oda, karatasi ya mapokezi na invoisi kuna maana pale tu karatasi ya mapokezi inapotokana na kuhesabu, si kunakili kile alichoandika muuzaji.

Kama ulichonunua ni huduma, mfano fundi wa mota au kampuni ya usafi, mwambie kabla ya kazi kwamba utazuia asilimia 5 ya ada yake na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na kwamba utampa cheti cha zuio. Asiyeambiwa mapema huona umempunja. Na linganisha namba ya simu na akaunti ya mzabuni na zile za wafanyakazi wenu kwenye orodha ya mishahara. Ni kazi ya dakika kumi, na zikifanana, huenda mzabuni wako ni mfanyakazi wenu.

Haya yote tuliyafanya kwa siku tatu, bosi akinung'unika, mama akidaiwa, mifuko tayari imeanza kujazwa chokaa upande wa pili. Mzigo ukishatumika huna tena cha kurudisha, na anayekudai ana haki ya kukasirika. Sasa fomu ya mzabuni mpya inajazwa kabla LPO, yaani oda yenyewe, haijachapwa, ina nafasi ya sahihi mbili, na mfumo wetu wa malipo hauna jina lake mpaka sahihi ya pili iwepo. Mama wa Ngamiani bado anatuletea mifuko. Marobota yake siku hizi yameandikwa 480.