Ameandika "Hujambo" kisha akanyamaza: jinsi ya kumweleza mzee programu ya akili unde

Nafundisha watu wazima kutumia simu, na siku hizi wengi wanakuja wakiwa wameshawekewa programu ya mazungumzo ya akili unde na watoto au wajukuu. Mzee anaifungua, anaandika "Hujambo", anapata jibu la salamu na swali la kumkaribisha, anajibu "Nzuri, asante", halafu anaweka simu mezani. Kwenye kioo hakuna orodha ya huduma kama ile anayoiona anapotuma pesa, kwa hiyo hana pa kubonyeza wala hajui kinachouzwa humo ndani. Mwongozo huu ni kwa anayeketi pembeni yake wakati huo.

Hatua ya 1: Mwambie kwanza anaongea na nani

Usimnyang'anye simu, na usianze kutaja programu inaweza nini. Wengi hudhani upande wa pili kuna kijana ofisini anayesoma na kujibu. Ndiyo maana wanaandika kwa hofu, wanaomba radhi kwa kukosea herufi, na wanaogopa kumchosha mtu kwa maswali.

Mimi husema hivi: "Mama, huku hakuna mtu. Ni programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi mno, mpaka ikaweza kutunga sentensi yenyewe. Chukulia ni karani mwepesi wa kuandika, ila hakujui wewe, haijui nyumba yako, na anayoyajua kukuhusu ni yale tu utakayomwandikia."

Kisha ongeza mambo mawili yanayomtuliza: akikaa dakika kumi bila kuandika, hakuna anayesubiri, na akikosea herufi, mara nyingi itamwelewa.

Hatua ya 2: Mpe kazi tatu tu

Ukimtajia mambo ishirini hatakumbuka hata moja. Mwambie inaweza kumwandikia, kumwelezea na kumjibu. Kumwandikia ni barua, ujumbe, tangazo la kikao. Kumwelezea ni kuchukua maandishi magumu aliyoletewa na kuyaweka kwa maneno mepesi. Kumjibu ni maswali ya kawaida, kwa mfano namna ya kuondoa doa la kutu kwenye nguo.

Halafu usimuulize "Unataka ikufanyie nini?" Swali hilo linamrudisha palepale alipokwama. Muulize, "Wiki hii kuna barua au ujumbe wowote unaokusumbua kuandika?" Karibu kila mtu anao.

Hatua ya 3: Chagua kazi ambayo mzee mwenyewe anaijua kuliko programu

Hapa ndipo penye uzito. Kazi ya kwanza isiwe dawa, sheria wala uwekezaji, kwa sababu jibu likiwa na kosa hataliona, na ataondoka ameamini. Iwe habari ya maisha yake, ambayo yeye ndiye shahidi.

Mama mmoja mstaafu alikuwa na shida ya paa la nyumba ya kupanga. Kwanza aliandika "Niandikie barua kwa mwenye nyumba", na akapata barua ndefu yenye mabano matupu ya kujaza jina na tarehe, isiyotaja paa hata kidogo. Akasema, "Hii si yangu." Ni kweli, haikuwa yake, maana hakuwa amesema neno. Nikamwomba anisimulie shida kama anavyomsimulia jirani, kisha aandike maneno yaleyale:

```
Niandikie barua fupi kwa mwenye nyumba wangu.
Paa la chumba cha kulala linavuja tangu mvua zianze.
Nilimwambia kwa mdomo mara mbili, hajaja.
Naomba alitengeneze kabla ya mwisho wa mwezi.
Iwe ya heshima.
```

Angalia yaliyomo: barua inakwenda kwa nani, tatizo ni lipi, limefikia wapi, anaomba nini, na sauti iweje. Hakuna lugha ya kompyuta hapo. Kama kuandika kunamchosha, mwonyeshe alama ya kipaza sauti ili aseme badala ya kuandika, lakini asome kilichoandikwa kabla ya kutuma. Majina ya watu na ya mahali ndiyo yanayoharibika zaidi.

Hatua ya 4: Soma jibu pamoja naye, neno kwa neno

Barua ya pili ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na sentensi kwamba maji yameharibu godoro. Mama alikunja uso: "Godoro? Nimesema godoro mimi?" Hakusema. Programu hutunga kinachoelekea kuandikwa kwenye barua za namna hiyo, na barua nyingi za paa linalovuja hutaja hasara. Haikuwa imeona chumba chake.

Usilipite kosa kama hilo haraka, hata kama unaona aibu kwa ajili ya programu. Ndilo somo lenyewe. Mwambie, "Umeligundua kwa sababu chumba ni chako. Ukiiuliza habari za dawa, inaweza kuongeza kitu vilevile kwa sauti hiyohiyo ya uhakika, na wewe hutajua." Baada ya hapo anaelewa kwa nini jibu la dawa lazima lipelekwe kwa daktari au mfamasia kabla ya kufuatwa.

Kisha aandike kuisahihisha, palepale chini ya jibu:

```
Ondoa habari ya godoro, sikuisema. Fupisha kidogo.
```

Wazee wengi hawajui kwamba wanaweza kukataa. Wanapokea jibu la kwanza kama hati iliyokwisha kugongwa mhuri. Akishaona barua imebadilika kwa neno lake, utaona anaanza kuamuru mwenyewe: weka tarehe, punguza salamu, usiseme "nakusihi".

Hatua ya 5: Mweleze isichofanya

Ukisikia "Sasa atanijibu lini?", jua anadhani barua imeshafika kwa mwenye nyumba. Programu ya kawaida ya mazungumzo imeandika tu. Barua bado iko kwenye kioo. Mwonyeshe kushikilia kidole juu ya maandishi mpaka itokee amri ya kunakili, au kubonyeza alama ya kunakili iliyo chini ya jibu, kisha kwenda kwenye ujumbe na kubandika. Afanye mwenyewe, hata akirudia. Kama hana namba ya simu ya mwenye nyumba, anainakili kwa mkono kwenye karatasi.

La pili ni siri. Namba ya siri ya pesa, nywila na namba ya kitambulisho haziandikwi humo kwa sababu yoyote. Kwenye barua ile hatukuweka hata jina la mwenye nyumba. Alilijaza mwenyewe baada ya kubandika.

Hatua ya 6: Mwachie njia ya kurudi

Kosa la siku ya pili ni kufungua mazungumzo mapya, kuandika "Endelea na ile barua", na kukuta programu haijui barua gani. Ndani ya mazungumzo mamoja inafuata yaliyosemwa juu. Ukianza mapya, kwa kawaida inaanza bila habari hizo, ingawa baadhi ya programu huhifadhi kumbukumbu. Mwonyeshe orodha ya mazungumzo ya zamani, mara nyingi nyuma ya mistari mitatu kwenye kona ya juu, na mkabadili jina la mazungumzo hayo liwe "Barua ya paa". Kisha funga programu kabisa, mrudishie simu, na umwache aitafute mwenyewe mpaka aipate.